Mnara Uko Kushoto

Nyumbani kwetu picha ile haikuwahi kuwa na jina ila moja: Malindi. Si Malindi ya Kenya, ni ile ya Unguja, mtaa wa Mji Mkongwe ulio jirani na bandari. Ukiuliza utaambiwa kwamba nyumba ya kulia yenye baraza ndefu ni ya babu, na kwamba treni ya Bububu ilikuwa ikipita pale chini. Tarehe haina, jina la mpiga picha haina. Nilipokaa kuiandikia jumuiya ya historia ya mji niombe msaada wa kuutambua mtaa huo, kalamu ilikimbilia kuandika: "Naambatanisha picha ya mtaa wa Malindi." Nikaikata sentensi hiyo kabla wino haujakauka.

Wanaojitolea kwenye jumuiya za namna hii ni watu waungwana, wengi wao wastaafu. Ukiwaambia Malindi, wataitafuta Malindi kichochoro kwa kichochoro, na kwa heshima yako hawataangalia kwingine. Nimewaona watu wazima wakienda kwa shekhe, kwa daktari au kwa mshenga na jibu tayari mfukoni, wanachotaka ni mtu wa kuwagongea muhuri tu. Sikutaka barua yangu iwe ya aina hiyo. Basi nikaamua kwamba nusu ya kwanza ya barua itasema kinachoonekana, na yale ya ukoo yatakuja baadaye, yakiitwa kwa jina lake: tulivyosimuliwa.

Nikaanza na mgongo wa picha. Ni kadi ya posta, sentimita 9 kwa 14 hivi, na nyuma yake kuna mstari unaoigawa katikati, upande mmoja wa anwani na mwingine wa maneno. Zamani upande ule wote ulikuwa wa anwani tu. Waingereza ndio waliotangulia kuruhusu mgawanyo huo, mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata. Kwa hiyo kadi yenyewe haiwezi kuwa ya kabla ya 1902, ingawa picha iliyochapwa juu yake ingeweza kuwa ya zamani zaidi, maana wachapaji walizitumia tena na tena picha walizokuwa nazo.

Mwisho wa mtaa, juu ya mapaa, inaonekana ghorofa ya juu ya jengo kubwa jeupe lenye mnara wa saa. Ni Beit al-Ajaib, hilo halina ubishi. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, lakini mnara haukuwa juu yake. Wakati huo kulikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya makasri, upande wa bahari. Uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile visivyomaliza hata saa moja, na baada ya hapo ndipo jengo lenyewe likapewa mnara kwenye uso wake. Mpiga picha wangu, basi, alisimama pale baada ya 1896. Na kwa kuwa mnara huo uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nina hakika pia kwamba hakupiga baada ya siku hiyo. Jambo la kuchekesha, lakini mipaka ya hakika ndivyo ilivyo: huanza mipana.

Kilichonishughulisha zaidi ni upande. Beit al-Ajaib inatazama bahari, na mnara ulikuwa kwenye uso huo wa bahari. Mtu anayeitazama akitokea Malindi ana bahari mkono wa kulia, kwa hiyo mnara ungemtokea kwenye ukingo wa kulia wa jengo. Akitokea upande wa Shangani na Ngome Kongwe, bahari iko kushoto, na mnara pia. Kwenye picha yetu mnara uko kushoto.

Niliitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakauma, kwa sababu nyumba ya babu ilikuwa inahama mtaa mbele yangu. Imebaki njia moja ya kuiokoa. Picha za kioo za zamani ziliweza kuchapwa kinyume, kulia kukawa kushoto, na maandishi ya kadi hayakusaidii kuligundua hilo kwa kuwa yalichapwa mbali na picha. Inabidi utafute ndani ya picha kitu chenye upande wake: herufi za kibao cha duka, au koti. Kibao kipo ila hakisomeki. Lakini karibu na mlango wa kwanza amesimama mwanamume mwenye koti la vifungo, na la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Lake limefungwa hivyo hivyo. Picha haijageuzwa, kwa kadiri koti moja linavyoweza kutoa ushahidi.

Treni nayo niliitafuta. Chini ya miguu ya watu kuna mstari mweusi ambao wajomba zangu wote wanauita reli. Lakini reli huenda mbili mbili, na huu uko peke yake, unafuata ukingo wa kivuli mpaka mwisho. Nadhani ni mfereji wa maji. Na hata ingekuwa reli, isingetosha kututajia mwaka, kwani Unguja ilipata treni mara mbili: ile ya Barghash ya kwenda Chukwani, iliyokufa pamoja naye mwaka 1888, na ya Bububu iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905. Ni mnara wa saa ambao ungetuambia tunatazama ipi.

Upande wa pili, nilijizuia kuandika kwamba "minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu haionekani", kana kwamba hiyo ni hoja. Huenda iko mgongoni mwa mpiga picha.

Kabla ya kuituma barua nilikwenda kwa shangazi, maana kadi ilitoka sandukuni mwake. Baada ya shikamoo na kahawa nilimweleza habari ya mnara, taratibu, nikiogopa kumvunjia heshima baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia nyumba yetu imo humo?" akauliza. "Mimi nilisema baba aliileta kutoka Malindi, dukani kwa Mgoa mmoja. Hayo ya nyumba mmeyatia nyinyi, mwanangu."

Maneno yake nayaamini kuliko picha yenyewe, na yamekaa kwenye barua kama alivyoyasema. Yanahusu mahali kadi iliponunuliwa, na hilo kwa mtu anayezijua studio za zamani linaweza kuwa na thamani kuliko jina la mtaa.

Nimeambatanisha nakala za pande zote mbili bila kukata kingo, kwa sababu kona ya paa iliyo ukingoni kabisa inagusa mnara chini kidogo ya saa. Ukichora kwenye ramani mstari kutoka mnarani kupitia kona hiyo, mpiga picha alisimama mahali fulani juu ya mstari huo. Kona ya pili inayogusa kitu kingine cha mbali, si mnara, ingetoa mstari wa pili, na pale inapokatana ndipo penyewe. Kwa kuwa mnara haupo tena nisimame niulinganishe kwa macho, swali nililoliacha mwishoni mwa barua ni hili: "Je, ndugu Katibu, mnayo picha yoyote iliyopigwa kutoka upande wa Ngome Kongwe kabla ya 2020, ambamo mnara na mapaa yaliyo mbele yake vinaonekana pamoja?"