Yai la Nne

Ngano ya Nairuzi haina shamba. Huoshwa, ikalowekwa kutwa na kucha katika maji yanayobadilishwa, kisha hutandazwa kwenye sahani na kufunikwa kitambaa chenye unyevu. Huku Shirazi mama mkwe wangu huianza kiasi cha wiki mbili kabla ya mwaka mpya, na kila asubuhi na kila jioni huinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Maji yakizidi, punje huoza chini ilhali juu bado panapendeza. Harufu ya uchachu ndiyo hutangulia kuleta habari.

Siku ya tatu hivi mizizi huota vinyweleo vyeupe, na asiyejua hudhani ni ukungu, akamwaga sahani nzima. Mama mkwe alinifundisha kutofautisha: nyunyiza maji. Vinyweleo vya mzizi hulala na kupotea machoni. Ukungu hubaki umetanda kati ya punje na punje kama utando wa buibui. Mwaka ule nilisimama muda mrefu juu ya sahani, nikinyunyiza na kutazama, nikinyunyiza na kutazama. Kumbe uhai na uozo, vikiwa vichanga, huvaa vazi moja?

Mume wangu alifariki mwishoni mwa Septemba 2024. Eda ilipokwisha baridi ilikuwa bado haijaondoka. Kisha ikaja Machi, na swali ambalo hakuna aliyelitamka: meza iandikwe, au isiandikwe?

Wako wafiwa wasioiandika. Mwaka wa kwanza wa msiba una desturi yake hapa: ndugu na majirani huitembelea nyumba yenye kilio kabla ya nyumba nyingine zote, huketi, husoma Fatiha, wala hawatarajii kuletewa vitu vitamu. Mkubwa wa ukoo huweza kuwaambia wafiwa sasa wavue nguo nyeusi. Ningeweza kujificha nyuma ya desturi hiyo. Lakini mama mkwe alikwisha kuloweka ngano, bila kuniuliza, na mtu hawezi kuiambia punje iliyokwisha kupasuka irudi ilikotoka.

Meza yenyewe inajulikana: vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza kwa herufi ya sin, miongoni mwao ngano mbichi, kitunguu thaumu, siki, tofaa, na samanu, ule uji mzito wa ngano iliyochipuzwa. Pembeni huwekwa kioo, mishumaa na mayai yaliyopakwa rangi. Sarafu nazo zimo. Zetu ni riali kuukuu ambazo sasa hazinunui hata kiberiti, ila bado zinaombewa riziki. Kila kitu mezani pale kinaomba nyongeza. Aliyepunguziwa aombe kuongezewa nini? Yule aliyeondoka hayumo katika orodha ya vitu vinavyoongezeka.

Nilipewa kazi ya mayai. Tuliyatia rangi kwa maganda ya vitunguu: maganda makavu huchemshwa mpaka maji yawe mekundu ya kutu, hutiwa siki kidogo ili rangi ishike, kisha yai huachwa humo. Katika nyumba nyingi huwekwa yai moja kwa kila mtu wa familia. Hesabu hiyo huku hufanywa bila kufikiri, nami nilikuwa nimeifanya hivyo kila mwaka. Safari hii mkono ulisita juu ya sufuria. Nilitia matatu: la mama mkwe, la mwanangu, langu.

Je, aliyekufa hutoka katika familia, au hutoka tu katika nyumba? Imani ya kale ya Wazoroasta, waliosherehekea Nairuzi kabla ya Uislamu, ni kwamba roho za waliotangulia hurejea kuzuru jamaa zao katika siku za mwisho za mwaka. Hadi leo Alhamisi ya mwisho ya mwaka ni siku ya makaburini, na wapo wanaoiandika meza hii juu ya kaburi lenyewe. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye niliyekosa adabu ya mwenyeji. Lakini kupaka rangi yai la asiyekula, hiyo nayo ni adabu, au ni kukataa kusikia?

Mama mkwe aliyatazama mayai yangu, akaenda jikoni, akarudi na la nne. Hakusema kitu. Akaliweka juu ya kioo.

Wazee husema dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe dume, na mwaka unapogeuka ng'ombe huihamisha kwenye pembe ya pili. Ndipo yai lililo juu ya kioo hutikisika. Nilitazama uso wangu chini ya yai lile. Sikuona kitu kikitikisika. Hilo ndilo lililoniuma, nadhani: kwamba dunia iliyoshtuka hivi kwangu mimi ilikuwa imetulia tuli juu ya pembe yake.

Mwaka uligeuka Alhamisi, 20 Machi 2025, saa sita na dakika 31 mchana, wakati jua lilipovuka mstari wa ikweta. Alhamisi ya mwisho na mwaka mpya viliangukia siku moja, tena ndani ya Ramadhani, kwa hiyo meza ikakaa imesheheni bila kuguswa mpaka magharibi.

Kwetu Unguja, Makunduchi, tuna Nairuzi yetu, Mwaka Kogwa. Ilitoka huku huku, ikavuka bahari, ila ilishika hesabu ya kale ya siku 365 isiyoongeza siku kila mwaka wa nne. Ikasogea polepole mpaka ikayaacha majira ya machipuko kabisa. Hivi leo huja Julai, katika kipupwe. Hakuna ngano wala kioo. Kuna kibanda kinachochomwa moto na migomba ya kupigania. Sikukuu iliyopoteza majira yake inaendelea kuwa sikukuu. Nililiwaza hilo mchana kutwa, bila kujua kama lilinifariji au lilinitisha.

Baada ya kufuturu mwanangu alinyoosha mkono, akalichukua yai lililokuwa juu ya kioo, akalimenya, akalitia chumvi, akala. Hakuna aliyemkataza. Mama mkwe alikusanya maganda.

Ngano ile haikuwa na udongo, narudia, na hilo ndilo lisiloniacha. Hustawi kwa akiba iliyomo ndani ya punje yenyewe. Akiba ikipungua, huanza kuwa njano kutokea chini, na haitazaa suke hata ukiibembeleza. Mimi nami naishi kwa akiba: mwandiko wake kwenye kingo za vitabu, namna alivyoita jina langu akikosea irabu. Kila nikikumbuka natumia. Nitakapofika chini ya punje, nitaishi kwa nini? Au ndiyo maana hawaiachi ikafia mezani?

Siku ya kumi na tatu, 2 Aprili, tuliipeleka kwenye mfereji nje ya mji, kama wafanyavyo watu wote. Mizizi ilikuwa imesukana ikawa mkeka mzima, ikatoka kwenye sahani kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe aliitupa majini, akaniambia nisiifuate kwa macho.

Nanyi mnaoishi jirani na watu wa Nairuzi, iwe Maskati, Dubai au London: ikiwa nyumba yao imefiwa mwaka huu, nendeni siku ile ya kwanza kabisa. Msibebe halua. Ketini tu, na mkiona mezani yai lililozidi idadi ya watu, msiulize ni la nani.