Kila msemaji ajue zamu yake: tulivyopanga upya slaidi za kikundi

Leo naacha mbegu kidogo. Kikundi kimoja cha alizeti hapa Kintinku kilipewa dakika 15 kueleza mradi wa mashine ya kukamua mafuta. Mwenyekiti na katibu walimaliza muda wote kwa historia ya kikundi, na mweka hazina akasimamishwa kabla ya kufika kwenye marejesho ya mkopo. Kosa lilikuwa letu, na mimi nilikuwamo, kwa kuwa slaidi 23 nilizitengeneza mwenyewe.

Walipopata nafasi ya pili, tulianza na muda. Mwenyekiti tulimpa dakika 2, katibu 4, mweka hazina 5 na mjumbe wa mwisho 2. Jumla ni 13, na 2 zilizobaki ni akiba. Slaidi tukazipunguza hadi 9.

Kisha maneno marefu tukayatoa kwenye slaidi tukayaweka chini yake, kwenye sehemu ya Notes ya PowerPoint. Mstari wa kwanza wa kila maelezo unataja msemaji na saa yake, kwa mfano: "KATIBU. Anza dakika ya 2, maliza ya 6." Nilipowapima wakisoma kwa sauti, maneno 100 yalichukua karibu dakika moja. Kwa hiyo maelezo ya katibu hayakuruhusiwa kuzidi maneno 400.

Mstari wa mwisho wa slaidi ya mwisho ya kila msemaji ni sentensi ya kukabidhi: "Gharama hizi zitalipwaje? Mweka hazina atatueleza." Anayemaliza ndiye anayebonyeza slaidi inayofuata, kisha anaondoka. Mwenzake akifika mbele anakuta slaidi yake imeshafunguka, haanzi kwa kutafuta kitufe.

Mazoezi tulifanya kwa Slide Show > Rehearse Timings, inayohesabu muda wa kila slaidi. Hapo mweka hazina alionekana anatumia dakika 7, tukamwondolea jedwali moja. Ila angalieni: ukikubali kuhifadhi muda ule, siku ya kazi slaidi zitajisogeza zenyewe hata kama msemaji hajamaliza. Ondoa alama kwenye Use Timings.

Ukiunganisha projekta, bonyeza Windows+P uchague Extend, kisha weka alama kwenye Use Presenter View. Maelezo utayaona wewe tu kwenye kompyuta. Ukichagua Duplicate, utaona kile kile wanachokiona wasikilizaji, bila maelezo yako. Hata hivyo tulichapa karatasi kwa File > Print > Notes Pages, kila mtu akashika zake, maana umeme hauna ahadi.

Siku hiyo mweka hazina alianza dakika ya 7, amechelewa dakika moja. Akiba ikaifidia. Marejesho yakasomwa hadi mwisho, na maswali yote tuliyoulizwa yalikuwa ya fedha.