Andalio Lililokuja Bila Neno

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi, na kazi yangu nyingi ni kusoma maandalio ya masomo ya wenzangu. Enzi za daftari, mwalimu alilileta mwenyewe mezani, akasimama pembeni. Ukimtazama usoni ulijua kama anataka saini au amekwama. Siku hizi andalio linaingia kwenye simu jioni, faili peke yake, bila salamu wala maelezo, nami nabaki kujiuliza ninachotakiwa kufanya nalo.

Ukimya huo una sababu. Mwalimu kijana anaona haya kusema kwamba hatua fulani imemshinda. Mkongwe anaona haya zaidi, hasa kama anayemwandikia alikuja shuleni akamkuta. Wapo pia wanaotuma kwa sababu wamesikia wathibiti ubora wa shule wako njiani, nao wanataka ionekane kwamba waliwasilisha. Hao nawasainia, naendelea na mengine.

Wanaobaki huwa wanataka moja kati ya mambo matatu: nikosoe, nilisogeze andalio liingie darasa jingine, au nilinenepeshe kwa sababu ni jembamba. Kuuliza tu "unataka nini?" hakusaidii. Nikimuuliza kijana hivyo, anasikia karipio, na jibu linalorudi ni lile lile: "Shikamoo mwalimu, naomba unikagulie tu." Anasema kukagua kwa sababu ndilo neno lisilo na aibu, hata kama shida yake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo naanza kusoma pembezoni mwa andalio. Katikati, penye umahiri, shughuli za mwalimu na za mwanafunzi, mara nyingi pamenakiliwa: kutoka kwa mwenzake, kutoka mwaka jana, au kutoka faili linalozunguka wilaya nzima. Lakini jedwali la juu, lenye tarehe, darasa, waliosajiliwa na waliohudhuria, hujazwa na mwenyewe. Vivyo hivyo tathmini na maoni kule chini. Maoni yakiwa yamejazwa, kipindi kimeshafundishwa. Tarehe ikiwa ya kesho na maoni ni matupu, anataka ukosoaji, tena mdogo, wa kitu anachoweza kukirekebisha usiku huu. Hata aina ya faili inasema. Picha ya ukurasa wa daftari haihaririki, basi mwenyewe hategemei niiandike upya. Faili la Word limeacha mlango wazi.

Chukua andalio moja la Hisabati nililotumiwa na mwalimu wa Darasa la V. Juu liliandikwa Darasa la IV. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili moja, kipindi cha dakika 40: utangulizi 5, maarifa mapya 20, kuimarisha maarifa 10, tathmini 5. Tarehe ilikuwa imefutwa. Waliohudhuria, patupu. Lakini kwenye waliosajiliwa palikuwa na 86, idadi ya darasa lake la sasa, na maoni ya chini yalisomeka kwamba wanafunzi wengi wamemudu. Kwa maneno mengine, somo lilishafundishwa, likafaulu, na sasa mtu ameanza kulivalisha darasa jingine.

Uthibitisho ulikuwa kwenye mifano. Wa kwanza ulikuwa 2/7 + 3/7, kisha 1/5 + 2/5, kisha 3/8 + 4/8. Wa nne, kwa herufi za umbo jingine, ulikuwa 1/2 + 1/4. Ukurasa wa mwisho, chini ya zoezi, alikuwa ameongeza 2/3 + 1/4 kwa herufi zile zile ngeni. Shughuli ya mwanafunzi, hata hivyo, ilibaki ilivyokuwa: ajumlishe kiasi, asili ibaki kama ilivyo. Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye mifano mitatu na inakwama kwenye wa nne, maana asili mbili zinazotofautiana haiwezekani zote "zibaki". Mwandishi alifika hapo, akaona, akasimama. Naamini ndipo alipobonyeza kutuma.

Mkaguzi wa haraka angezungushia mfano wa nne wino mwekundu: hauendani na mada. Nimeona mwenzetu mmoja akifanya hivyo kwa andalio la namna hii, na mwalimu akaufuta mfano, akabaki na somo la Darasa la IV mkononi mbele ya Darasa la V. Katika andalio lililotumwa kimya, mahali pasipolingana na pengine mara nyingi ndipo penye ombi. Kabla sijapaita kosa, natazama kama ndipo palipoguswa mwisho.

Basi nililisogeza, lakini sehemu ile tu iliyokwama. Zana zilikuwa vipande 12 vya manila. Kwa wanafunzi 86 ni kipande kimoja kwa watu saba, ambapo mmoja anakunja na sita wanatazama. Nikaandika kila mwanafunzi achane ukanda wa karatasi ya daftari lililokwisha. Aukunje katikati apate nusu, atie kivuli upande mmoja. Aukunje tena bila kukifuta kivuli: ile nusu sasa ni robo mbili, na hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Atie kivuli robo moja zaidi, ahesabu: 3/4.

Kabla ya kukunja niliongeza swali moja la utangulizi: mtu mwenye nusu mkate akipewa robo, atakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Swali hilo ni kinga. Watoto wengi watajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wapate 2/6. Hiyo ni theluthi, nayo ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Aliyekwisha kusema "zaidi ya nusu" kwa kinywa chake ataikataa 2/6 mwenyewe.

Nilipomrudishia, niliandika hivi: "Madamu, nimechukulia unalipeleka Darasa la V. Nimegusa utangulizi na maarifa mapya tu, kwingine sijagusa. Kama ulitaka jambo jingine, niambie." Namna hii dhana yangu iko wazi, na kuikanusha hakumgharimu heshima. Ninachokiogopa ni jibu la "Asante mwalimu" kisha kimya: hapo mara nyingi nimekosea na mwenzangu hataki kunifedhehesha.

Yeye alijibu kwamba darasa ndilo, ila kipindi chake ni pacha, dakika 80. Alitaka vyote viwili, kusogeza na kunenepesha. Hilo jedwali halikunionyesha, maana dakika alikuwa hajazibadilisha.

Dakika 40 za pili nikazijaza kwa 1/3 + 1/6 na 2/5 + 1/10, ambapo asili moja huingia ndani ya nyingine. Kukunja karatasi katika sehemu tatu zilizo sawa ni tabu hata kwa mtu mzima, kwa hiyo hapa nilihamia kwenye daftari lenye miraba. Mwanafunzi anachora ukanda wa miraba 6, theluthi moja inakuwa miraba miwili, anaongeza mmoja, anapata 3/6. Kwa ule mwingine anachora miraba 10. Ile 2/3 + 1/4 niliitoa. Hapo hakuna asili inayoingia ndani ya mwenzake, lazima zote mbili zikatwe katika vipande 12, na mtoto aliyetoka kukunja nusu na robo hajafika huko. Nilimwandikia aitengee kipindi chake.