Usipige pompi, fungua visi: namna ya kuwasha jiko la mafuta bila moto kuruka

Juma hili ninaomba niwaeleze jambo lililotokea jikoni kwangu, hapa Mangobo. Ninafundisha darasa la nne, kila siku ninasimama mbele ya watoto na kuwaambia wafuate maelezo hatua kwa hatua. Asubuhi ile mimi mwenyewe sikufuata.

Tuna jiko la mafuta la pompi, lile la shaba lenye tanki chini na miguu mitatu. Majiko ya namna hii yalianza Stockholm mwaka 1892, fundi Lindqvist alipotengeneza lile aliloliita Primus. Hapa Boyoma ukitaja jina hilo watu wanafikiri bia, kwa hiyo nyumbani tunasema tu “jiko la pompi.” Siku nyingi tunapika kwa makala, kama ninyi. Lakini mvua ikinyesha juma zima, makala yakawa na maji na bei ikapanda, jiko lile linachemsha uji wa watoto kabla sijamaliza kuvaa.

Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu usiku na nilikuwa nimechelewa. Nilimimina alkoli kidogo sana katika kikombe cha chini ya kichwa cha jiko, kwa sababu chupa ilikuwa inakwisha. Nikawasha. Moto wa alkoli ulizimika haraka. Nikafunga visi ya hewa, nikapiga pompi mara tatu, nikawasha kiberiti juu. Moto ukatoka wa njano, unacheza na kutoa moshi. Nikadhani nguvu haitoshi. Nikapiga pompi tena, kama mara kumi na tano, kwa haraka.

Moto uliruka mpaka usawa wa uso wangu. Juu yangu kulikuwa na kamba, na juu ya kamba shati jeupe la shule la binti yangu. Pembeni kuna bashi tuliyoweka kuzuia mvua. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Mimi nilikuwa ninatafuta ndoo ya maji.

Mama mkwe wangu alikuwa nje anafagia. Aliingia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mwanangu, acha pompi. Usimwage maji. Fungua visi.” Akakunja kitambaa mkononi, akapita chini ya moto kwa upande, akazungusha ile visi ndogo iliyo kando ya tanki. Tukasikia hewa inatoka, fsssss, na moto ukashuka kama mtu amekaa chini. Ukabaki mdogo, ukila mafuta yaliyomwagika kwenye kikombe, kisha ukazimika wenyewe. Shati lilipata doa la kahawia. Nilishukuru kwamba ni shati tu.

Jioni nilimwuliza: kwa nini moto uliongezeka nilipopiga pompi, na ukashuka alipofungua visi? Jibu lake, pamoja na yale niliyokumbuka kutoka masomo ya diplome, ndilo ninalotaka mama kila mmoja alijue.

Jiko la pompi halichomi mafuta, linachoma mvuke wa mafuta. Hewa unayopiga inasukuma mafuta kutoka tanki kupanda katika mirija ya kichwa. Kama mirija ina moto wa kutosha, mafuta yanachemka humo ndani, yanageuka mvuke, na mvuke unatoka katika tundu dogo kama la sindano, unachanganyika na hewa na kuwaka buluu kwa sauti ya kuvuma. Baadaye moto wenyewe unaendelea kupasha mirija. Lakini mwanzoni hakuna kitu cha kuipasha isipokuwa ile alkoli. Ukiweka alkoli kidogo, mirija inabaki baridi, na mafuta yanatoka yakiwa majimaji. Hayo majimaji yanawaka njano, yanapanda juu na kutoa masizi. Hapo kila pigo la pompi ni kumwaga mafuta mengine ndani ya moto. Kufungua visi kunaondoa hewa inayosukuma, na mafuta yanasimama.

Kwa hiyo rangi ya moto ndiyo inakuambia ufanye nini. Buluu na mvumo: unaweza kuongeza pompi polepole. Njano na moshi: mkono usiguse pompi, uende kwenye visi.

Sasa ninafanya hivi, na ninafanya kila siku bila kuruka hatua.

Kujaza ni nje, uani, jiko likiwa baridi kabisa, wala hakuna mbabula inayowaka karibu. Kwanza ninafungua visi ili hewa iliyobaki itoke, ndipo ninafungua kifuniko. Tanki letu linaingia lita moja, lakini ninaweka robo tatu tu, kwa antonwari. Nafasi inayobaki ni ya hewa. Bila hewa hiyo pompi haina kitu cha kubana, na mafuta yakipata joto yanavimba na kukosa pa kwenda. Ninafunga kifuniko, ninapangusa tanki mpaka likauke, na kile kitambaa chenye mafuta hakirudi jikoni. Mafuta yakiisha katikati ya kupika, chakula kinangoja. Siku moja nilitaka kuongeza jiko likiwa bado lina joto kwa sababu maharagwe hayajaiva. Mama mkwe aliinua sufuria, akaipeleka kwenye makala bila kusema neno. Ukifungua kifuniko cha jiko la moto, mvuke unaruka nje, na cheche moja inatosha.

Kisha kuwasha. Jiko linakaa sakafuni, mahali palipo sawa, mbali na bashi, pazia na nguo. Ile kamba niliitoa siku ileile. Visi inabaki wazi. Ninajaza kikombe cha alkoli, kama vijiko viwili vya chai, mpaka kijae bila kumwagika. Ninafunga chupa na kuitoa chumbani, ndipo ninawasha. Ninaiacha iwake dakika mbili au tatu. Alkoli ikibaki kidogo sana na moto wake unataka kufa, ninafunga visi na kupiga pompi mara tatu au nne tu. Mvuke unashika ule moto wa mwisho. Ukitoka buluu, ninangoja kidogo, kisha ninaongeza pompi mpaka mvumo uwe sawa.

Kama alkoli imekwisha kabla mirija haijapata joto, usiongeze juu ya kikombe chenye moto. Moto wa alkoli mchana hauonekani vizuri. Unaweza kufikiri umezimika kumbe unangoja chupa yako. Fungua visi, acha kikombe kipoe mpaka unaweza kukigusa, ndipo uanze upya. Nimesikia wengine wanatumia lotoko. Ina maji ndani yake, na mara nyingi moto unakufa wakati kichwa bado baridi. Hapo unarudi palepale nilipokuwa mimi asubuhi ile.

Kuna jambo la pili, na hilo nusura litupate bila moto wowote kuwaka. Sisi hapa tukisema “petroli” tunataka kusema mafuta ya taa, kama Kifaransa chetu kinavyosema. Ile ya pikipiki tunaita esansi. Lakini wanaotoka upande wa Uganda wakisema “petroli” wanataka kusema ile ya pikipiki. Na kwa barabara ya Bunia wanakuja wafanyabiashara wengi wenye lugha hiyo. Mwaka jana nilimtuma shemeji yangu mdogo kwa kadafi wa kando ya njia: “Leta petroli chupa moja.” Alirudi na chupa. Muuzaji hakumdanganya, alimpa alichoomba, kwa lugha yake.

Nilijua nilipofungua. Harufu ilikuwa kali, inapanda puani, si ile harufu nzito ya taa. Nilidondosha tone moja juu ya karatasi ya daftari na lingine la mafuta yetu ya zamani pembeni yake. La chupa mpya lilikauka upesi, karatasi ikabaki karibu safi. La mafuta ya taa lilibaki na doa la mafuta kwa muda mrefu. Esansi inatoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kuliko tunayoijua hapa, wakati mafuta ya taa yanahitaji joto la kama digrii 38 au zaidi kwanza. Ndani ya tanki linalopata joto juu ya moto, esansi si mafuta ya kupikia, ni bomu. Tuliirudisha, kadafi akacheka, tukabadilishana.

Lakini jaribio la karatasi lina mpaka wake. Linatambua esansi tupu. Mtu akichanganya esansi kidogo ndani ya mafuta ya taa, tone litaacha doa na wewe utaridhika bure. Ndiyo maana sasa ninanunua kwa mtu mmoja ninayemjua, ninasema “mafuta ya taa” kwa maneno yote matatu, na chupa yetu ina alama ya rangi nyekundu, iko juu ambapo mtoto hafiki. Harufu ikiwa na mashaka, haiingii jikoni hata kama nimekwisha kulipa.

Kuhusu maji niliyokuwa ninayatafuta: mama mkwe alikuwa na haki. Mafuta yanaelea juu ya maji. Ukimwaga ndoo, moto unatembea nayo mpaka chini ya kitanda. Ikiwa visi haifikiki, watoto watoke kwanza. Moto ukiwa bado mdogo na chini, mchanga au blanketi nzito iliyoloweshwa na kukamuliwa inaweza kuufunika. Ukiwa umeshika paa au bashi, toka na uite watu. Maji ni ya ngozi iliyoungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta ya mawese, kisha kituo cha afya.

Sasa debe la mchanga liko kando ya mlango wetu. Binti yangu ndiye alilijaza, mchanga wa mtoni. Hajaruhusiwa kugusa jiko, lakini kila asubuhi anasimama mlangoni na kuniangalia, na moto ukitoka njano hata kidogo anasema mbele yangu: “Mama, visi.”