Kinga Mbali, Akiba Mbali

Ndugu mmoja wa msikitini kwetu alinijia na mkataba wa bima ya maisha “yenye akiba”. Alilipa shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 2, jumla 1,200,000. Biashara ilipokwama akadai fedha zake, akaambiwa hapati kitu kabla ya mwaka wa 3. Kumbe michango ya mwanzo huliwa na kamisheni ya wakala na gharama. Kinachobaki huwekezwa, mara nyingi penye riba. Niliona haya, kwani mimi ndiye niliyeshuhudia sahihi yake. Sasa nashauri takafuli, yenye michango ya kusaidiana, ikinge maradhi, kifo na moto. Akiba ikae kwingine. Kabla ya kutia sahihi, uliza: nikiacha mwaka wa 2, narudishiwa kiasi gani?