Bitana na Nafasi Yake

Koti lina nguo mbili ndani ya nguo moja. Ya nje huonwa na watu. Ya ndani, yaani bitana, hujulikana na mvaaji peke yake. Kosa la bitana huchelewa kugunduliwa, na kwa kawaida hugunduliwa na mwili kabla ya jicho.

Mama yangu aishi Matwebe, upande wa Tukuyu katika Wilaya ya Rungwe, ambako asubuhi za Juni na Julai hazimruhusu mzee kutoka nje bila vazi zito. Alikuwa na koti la sufu alilonunua katika mitumba. Bitana yake ilipochakaa, fundi mmoja alitia mpya, ya hariri bandia, yenye mishono iliyonyoka. Mama alilivaa siku mbili, akaniambia, "Mwanangu, koti hili lanikataza kunyosha mkono." Siku ya tatu alimwinua mjukuu wake, na bitana ikapasuka kati ya makombe ya mabega. Aliona aibu, akidhani amenenepa.

Niliichukua nguo ile nikaifumua mezani. Fundi alikuwa ameikata bitana sawasawa na koti, kipimo kwa kipimo. Usawa huo ndio uliokuwa kosa. Sufu hunyumbuka kidogo mvaaji ajikunjapo; hariri bandia iliyofumwa hainyumbuki. Zikiwa na kipimo kimoja, bitana hubeba mvuto wote wa mwili, na mshono hushindwa. Basi niliikata nyingine, nikaipa nafasi mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mgongoni. Mgongo wa koti ulikuwa sentimita 40. Nilikata bitana sentimita 45, mbali na nafasi za mishono. Zile 5 zilizozidi nilizikunja katikati kuwa kunjo moja lenye kina cha sentimita 2 na nusu, nikalishona shingoni na kiunoni tu. Kati ya hapo kunjo hufunguka mikono inapokwenda mbele, na hujifunga inaporudi.

Mahali pa pili ni kwapani. Chini ya kwapa ukingo wa mshono wa koti husimama kama ukuta mdogo, na bitana yapaswa kuupanda na kuushuka. Kwa hiyo nilipandisha mkato wa kwapa sentimita 1 na nusu, kiwiliwilini na mkononi pia. Asiyefanya hivyo huona koti zima likiinuka mvaaji ainuapo mkono.

Mahali pa tatu ni katika pindo. Koti lilikuwa na urefu wa sentimita 90 kutoka mshono wa shingo, na pindo lake lilikunjwa ndani sentimita 4. Bitana ingefika kwenye ukingo wa pindo ikiwa na sentimita 88 tu, pamoja na moja ya kushonea. Nilikata 90. Ziada ya sentimita 2 hulala juu ya pindo kama kunjo dogo, na bado bitana huishia sentimita 2 juu ya ukingo wa koti, isichungulie nje. Mikononi nilifuata hesabu hiyo hiyo.

Ndipo nikaunganisha kwa njia ya mfuko. Bitana ilishonwa yote peke yake, isipokuwa mshono wa mkono mmoja, nilioacha wazi sentimita 20. Niliilaza juu ya koti, uso kwa uso, nikashona kuzunguka shingo na vifua, kisha pindo la chini. Kwa kupitia ule uwazi nilivuta ncha za mikono, nikaziunganisha moja moja, nikihakikisha kwanza kwamba mshono wa kwapa unakutana na mwenzake. Ukikosea hapo, mkono hujisokota nguo igeuzwapo. Nilishikiza mapindo kwa sindano ya mkono, nikalivuta koti zima kupitia uwazi ule, nikaufunga.

Nililitundika usiku kucha kabla ya kulipiga pasi chini. Pindo likijikunja kuelekea ndani, bitana ni fupi. Bitana ikichungulia, ni ndefu. Wala nafasi isizidi kiasi, kwani kunjo kubwa mno hujikusanya mgongoni na kuonekana nje kama uvimbe.

Asubuhi mama alivaa, akakumbatia mabega yake mwenyewe kwa mikono iliyopishana, kama nilivyomwomba. Hakuna kilichovuta. Hakuisifu kazi; alimwita mjukuu, akamwinua, akatoka naye nje kwenye baridi.