Papa na amoksi sita

Wengi wenu mnanijua: ni mimi binti yenu ninayeuza dawa katika farmasi ndogo hapa Salamabila. Wiki hii nataka kuwaelezea habari ya baba mmoja aliyenikasirikia, na namna tulivyoelewana.

Ilikuwa jioni, karibu nifunge. Aliingia na matope miguuni, ametoka kuchimba dhahabu upande wa Namoya. Mtoto wake wa kiume, wa miaka miwili, alikuwa amelala begani. Akaweka pesa mezani hata kabla ya salamu.

«Binti yangu, nipe amoksi sita. Mtoto anakohoa, na mwili unawaka moto tangu jana.»

Nikamuuliza kama ana ordonansi ya munganga. Hakuwa nayo. Santre ya afya ilikuwa wazi, lakini aliogopa kungoja, tena aliogopa pesa watakayomuomba. «Mwaka jana alikohoa hivi hivi,» akasema, «tukampa amoksi, siku ya tatu akapona. Leo unanikatalia nini?»

Mama zangu, ile pesa nilikuwa naihitaji. Tena nilijua kwamba nikikataa, anaweza kuvuka barabara na kununua kwa mwingine. Nikamwambia, «Papa, sikukatalii mtoto. Keti kidogo, tumwangalie pamoja.»

Tukapandisha shati la mtoto. Nikachukua saa ya simu na kumwomba Papa ahesabu pamoja nami kila tumbo linapopanda, dakika moja nzima. Mtoto alikuwa ametulia, na hiyo ni lazima, maana mtoto anayelia anapumua mbio. Tukapata thelathini na nne. Nikamweleza: mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika arobaini au zaidi, tunaogopa ugonjwa wa mapafu. Mwenye miezi miwili mpaka kumi na moja, tunaogopa akifika hamsini. Tukaangalia pia chini ya mbavu kama panaingia ndani anapovuta pumzi. Hapakuingia.

«Basi kikohozi hiki kinafanana na mafua,» nikasema, «na amoksi haiui mafua. Mwaka jana pengine angepona siku ile ile bila dawa. Lakini moto huu wa mwili unaweza kuwa malaria, na amoksi haiui malaria vilevile. Nikikuuzia, utarudi nyumbani na moyo uliotulia, na malaria itaendelea kufanya kazi yake.»

Akanyamaza. Kisha akauliza, «Na kama ingekuwa mapafu?»

«Hata hapo sita zisingetosha. Santre ingempima uzito na kumpa dawa ya kuyeyusha katika maji, asubuhi na jioni, siku tano. Ukimpa kidogo na kuacha, vijidudu vyenye nguvu vinabaki. Siku nyingine dawa hiyo inaweza kushindwa kumsaidia.»

Nikampa parasetamoli kwa ajili ya moto: robo ya tembe ya mia tano, kwa kilo zake kumi na moja. Nikaandika kwenye karatasi hesabu ya pumzi na saa aliyokunywa dawa, ili santre wasianze upya. Nikamwambia aende usiku ule ule, asingoje asubuhi. Akatoka bila kuniaga. Sikulala vizuri.

Siku ya tatu mama wa mtoto alikuja. Kule santre walimchoma kidole, wakatia tone la damu kwenye kipimo, na baada ya dakika chache mistari miwili ikaonekana: malaria. Walimpa dawa ya siku tatu, na sasa mtoto alikuwa anaomba ugali. Akaniambia pia kwamba mume wake, alipotoka kwangu, alisimama mbele ya duka lingine. Lakini ile karatasi ilikuwa mkononi mwake, na ile thelathini na nne aliihesabu yeye mwenyewe. Akaendelea mpaka santre.

Kuhesabu pumzi mnaweza hata nyumbani, mtoto akiwa ametulia au amelala. Lakini hesabu nzuri haiondoi malaria: mwili ukiwa moto, mtoto apimwe. Na kuna mtoto ambaye msimhesabu wala msipite farmasi, mkimbie naye santre moja kwa moja: anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiyeamka vizuri, anayeingia mbavu ndani, au mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye mwili moto.

Wengine wote, nileteeni. Kuhesabu ni bure.